Riba ya mteja aliyechelewa kulipa: lini iingie kwenye mapato

Kila Desemba ninapofunga hesabu za wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, huwa natafuta mstari mmoja kwanza: "mapato mengine". Kama mwaka jana ulikuwa na laki tano na mwaka huu umeruka hadi milioni nne, mara nyingi najua jibu kabla sijafungua leja. Karani amewapigia riba wateja wote waliochelewa kulipa, akaiandika kama mapato, na faida ikanenepa kwa pesa ambayo hakuna aliyeiona. Mwaka unaofuata riba ileile inafutwa kama deni baya, na mwenye duka anauliza faida ya mwaka uliopita ilikwenda wapi.

Mwongozo huu ni wa mhasibu wa biashara ya namna hiyo: inauza saruji, nondo na mabati kwa mkopo, inatoa siku 30 za kulipa, na ina kifungu cha riba kwa atakayechelewa. Kanuni yenyewe ni fupi. Riba hiyo inaingia kwenye mapato pale tu ambapo kuna uhakika wa kuridhisha kwamba itakusanywa. Kazi iko kwenye kuitekeleza.

Hatua ya 1: Hakikisha riba unayo

Anza na karatasi. Mteja alikubali riba lini, na alitia saini wapi? Biashara nyingi zimechapa chini ya ankara, kwa herufi ndogo, kwamba atakayechelewa atatozwa asilimia fulani kwa mwezi. Lakini ankara humfikia mteja pamoja na mzigo, wakati bei imeshakubaliwa na saruji iko juu ya fuso. Mteja mbishi atakwambia hakukubali lolote, na utapata shida kumpinga.

Kifungu chenye nguvu ni kile kilicho kwenye fomu ya kuomba mkopo wa bidhaa au mkataba wa mauzo, uliosainiwa kabla ya mzigo wa kwanza kutoka. Kiseme mambo manne: kiwango, kinaanza kuhesabiwa siku gani, kinahesabiwa juu ya deni la msingi peke yake au na riba iliyolala, na malipo yakija pungufu yanapunguza kipi kwanza. Usipoliona hilo la nne kwenye mkataba, liweke alama. Tutalirudia.

Ambako hakuna karatasi, usiendelee na hatua zinazofuata. Huna riba ya kupimia uhakika. Una ombi tu.

Hatua ya 2: Ihesabu, lakini iweke nje ya leja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kutoingiza riba kwenye mapato si kuisahau. Unaihesabu kila mwezi, unamwandikia mteja kwenye taarifa yake kwamba inaendelea kupanda, ila hesabu hiyo inakaa kwenye daftari la pembeni ambalo haligusi leja kuu.

Daftari langu ni karatasi moja ya Excel: jina la mteja, namba ya ankara, deni la msingi, tarehe ya mwisho ya kulipa, tarehe ya leo, riba, na safu ya maelezo ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kama kiwango ni asilimia 1.5 kwa mwezi, deni la msingi liko C2, tarehe ya mwisho iko D2 na tarehe ya kuhesabia iko E2, fomula ni hii:

```
=C2*1.5%/30*MAX(0,E2-D2)
```

Hiyo `MAX` inazuia riba hasi kwa mteja ambaye siku zake hazijaisha. Mgawanyo wa 30 nao uandikwe kwenye mkataba. Vinginevyo mteja atahesabu kwa miezi, wewe kwa siku, na mtagombana kwa elfu kumi na mbili.

Jihadhari na programu. QuickBooks ya kwenye kompyuta, kwa mfano, ina menyu ya `Assess Finance Charges`. Ukiibonyeza inatengeneza ankara za riba na kuzipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya mapato uliyoipanga. Haiulizi kama mteja atalipa. Nilipoanza kazi niliibonyeza siku ya kufunga mwaka kwa wateja wote kwa mkupuo, nikijiona hodari, na nilitumia nusu ya Januari kuzifuta moja moja.

Hatua ya 3: Pima uhakika, mteja mmoja mmoja

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusikimbie.

Maneno "uhakika wa kuridhisha" utayakuta sana kwenye hesabu za kampuni za India, ambako kiwango chao cha AS 9, kilichotolewa mwaka 1985, kinaagiza kuahirisha mapato pale ambapo uwezo wa kukadiria ukusanyaji haupo. Sisi tunatumia viwango vya kimataifa. Kwenye IFRS kwa kampuni ndogo na za kati, Sehemu ya 23 ambayo wengi tumeizoea inataka uwezekano wa faida kuifikia biashara uwe mkubwa kuliko wa kutoifikia, na kiasi kipimike kwa kuaminika. Toleo la tatu la kiwango hicho, lililotoka Februari 2025 na linaloanza kutumika 1 Januari 2027, limeiandika upya sehemu hiyo kwa kufuata mtiririko wa IFRS 15. Kampuni zilizoko kwenye IFRS kamili zinatazama IFRS 15 yenyewe, ambako adhabu za kimkataba huhesabiwa kama sehemu ya bei inayoweza kubadilika, na sehemu hiyo haiingizwi mpaka iwe vigumu kwake kuja kurudishwa nyuma kwa kiasi kikubwa. Njia ni tofauti, swali linabaki lilelile: pesa hii itakuja?

Jibu halitoki kwenye moyo wa karani. Natafuta ushahidi wa aina tatu, na kwa mpangilio huu.

Wa kwanza ni historia ya mteja huyo na riba, si historia yake na deni. Wengi wanachanganya. Kuna mteja ambaye katika miaka mitano hajawahi kukosa kulipa ankara hata moja, lakini hajawahi kulipa riba hata senti. Kila mara anampigia simu mwenye duka, wanataniana, riba inasamehewa. Huyo ni mlipaji mzuri wa deni na si mlipaji wa riba kabisa. Fungua leja yake miaka mitatu nyuma, tafuta stakabadhi za riba. Usipoiona hata moja, umeshajibiwa.

Wa pili ni kukiri. Je, mteja amesaini taarifa ya hesabu inayoonyesha riba kwa mstari wake, au ameandika ujumbe akisema ataimaliza tarehe fulani? Kunyamaza si kukiri. Mteja anayepokea taarifa na kuitupa kwenye droo hajakubali chochote.

Wa tatu ni mkono wake. Mkandarasi anayesubiri malipo kutoka halmashauri hana pesa ya riba mpaka naye alipwe, na mara nyingi hapewi fidia ya kucheleweshewa. Kama una dhamana ya benki au amana yake, hali inabadilika, kwa sababu utajilipa bila kumwomba.

Nikikosa ushahidi wa kwanza na wa pili kwa pamoja, riba inabaki kwenye daftari la pembeni. Huo ni msimamo wangu, na mkaguzi hajawahi kuupinga. Wanaonipinga ni wenye biashara, hasa wanapotafuta mkopo benki na wanataka faida ionekane.

Na kuna swali linalojificha nyuma ya hili: kama una shaka na riba, una uhakika gani na deni lenyewe? Shaka ikitoka kwenye mazoea ya kusamehewa, deni la msingi liko salama. Ikitoka kwenye kufilisika, acha riba pembeni na uende kwenye akiba ya madeni yenye mashaka.

Hatua ya 4: Funga mwaka. Wateja wawili, majibu mawili

Tuchukue duka moja la mfano linalofunga hesabu 31 Desemba 2024, riba asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni la msingi tu.

Mteja wa kwanza ana duka la rejareja Sengerema. Anadaiwa 8,000,000, mwisho wa kulipa 30 Septemba. Riba ni 4,000 kwa siku, na hadi mwisho wa mwaka zimepita siku 92, yaani 368,000. Amechelewa mara tatu miaka miwili iliyopita na mara zote tatu alilipa riba. Tarehe 20 Desemba alisaini taarifa yenye mstari wa riba. Huyu anaingia:

```
Dr  Wadaiwa (riba)        368,000
Cr  Mapato ya riba        368,000
```

Mteja wa pili ni mkandarasi. Anadaiwa 12,000,000, mwisho ulikuwa 31 Agosti. Riba yake ni 6,000 kwa siku, siku 122, jumla 732,000. Amechelewa mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili alilipa ankara na kusamehewa riba. Taarifa ya Novemba aliirudisha, hakuisaini. Alisema tu, "Nikilipwa na halmashauri tutaongea." Huyu hana ingizo. Shilingi 732,000 zinabaki kwenye daftari, na kwenye safu ya maelezo naandika sababu pamoja na tarehe ya mazungumzo.

Angalia kwamba kiwango, mkataba na duka ni vilevile. Tena riba ya mkandarasi ni karibu mara mbili ya ile ya Sengerema. Ukubwa wa kiasi haukuingia kwenye uamuzi.

Kuna mtego wa Januari. Mteja wa Sengerema akilipa riba yake tarehe 15 Januari, kabla hesabu hazijasainiwa, malipo hayo yanathibitisha ulichokiona Desemba, kwa hiyo weka stakabadhi kwenye faili. Lakini mkandarasi akikubali mwezi Machi, baada ya vuta nikuvute mpya, kulipa sehemu ya riba, hapo naona ni makubaliano ya 2025 na mapato yake ni ya 2025. Desemba hayakuwepo.

Hatua ya 5: Pesa inapoingia, iangalie ilichokuja kulipa

Tuendelee na mkandarasi. Tarehe 28 Februari 2025 anaweka benki 12,000,000, na kwenye hati ya malipo ameandika namba ya ankara. Siku hiyo riba kwenye daftari imefika siku 181, yaani 1,086,000.

Karani mwenye bidii ya kupitiliza atafanya hivi: atakata kwanza 1,086,000 kama riba, aingize kwenye mapato, kisha kilichobaki, 10,914,000, apunguze ankara. Sasa leja inasema mkandarasi bado anadaiwa 1,086,000 ya saruji. Umeona kilichotokea? Riba uliyoikataa mlangoni imepita dirishani. Mapato yamepanda kwa kiasi kilekile chenye mashaka, na mashaka yamehamia kwenye deni la msingi ambalo mteja, kwa akili yake, ameshalimaliza.

Makosa haya yana alama yake. Chapisha orodha ya madeni kwa umri na utafute ankara za zamani zenye mkia mdogo usiolingana na bei ya bidhaa yoyote. Linganisha mkia huo na riba iliyohesabiwa hadi siku ya malipo ya mwisho. Vikilingana hadi shilingi, umempata.

Sahihi ni kufuata maelekezo ya mteja alipolipa. Kama hakuelekeza, fuata mkataba, ndiyo maana nilisema kile kipengele cha nne kina kazi. Mkataba ukiwa kimya, mimi hulipa deni la msingi kwanza, kwa sababu ndilo lililo kwenye leja:

```
Dr  Benki            12,000,000
Cr  Wadaiwa          12,000,000
```

Riba inaacha kupanda siku hiyo, ikibaki 1,086,000 kwenye daftari la pembeni. Mwezi Aprili mwenye duka na mkandarasi wanakaa chini, wanakubaliana 400,000, na inalipwa palepale. Ndipo ingizo la kwanza la riba yake linapoandikwa:

```
Dr  Benki               400,000
Cr  Mapato ya riba      400,000
```

Zile 686,000 zilizosamehewa zinapigwa mstari kwenye daftari, kwa saini ya aliyesamehe. Kwenye leja hakuna kitu cha kufuta. Hakuna deni baya, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na mapato.

Hatua ya 6: Uliyoiingiza ikianza kuyumba

Wakati mwingine uhakika ulikuwepo kweli, kisha ukaondoka. Tuseme mteja wa Sengerema hakulipa Januari, na mwezi Mei duka lake likaungua. Usirudi kwenye mapato ya riba kuyapunguza. Yaliandikwa kwa ushahidi uliokuwepo. Unachofanya ni kutambua hasara mwaka huu, upande wa gharama:

```
Dr  Gharama ya madeni mabaya              368,000
Cr  Akiba ya madeni yenye mashaka         368,000
```

Kisha simamisha kuingiza riba yake mpya. Inayopanda kuanzia hapo inarudi kwenye daftari la pembeni, sawa na ya mkandarasi. Tofauti hii ina maana kwa msomaji wa hesabu: mapato yaliyokosewa yanasahihishwa kwenye mapato, ila mteja aliyeangukiwa na balaa baadaye ni gharama ya baadaye.

Kuhusu kodi

Hapa mhasibu na mtoza kodi wanaweza kutazama siku mbili tofauti. Kwa kampuni inayotunza hesabu kwa msingi wa stahili, Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaangalia ni lini ulipata haki ya kulipwa, na haki hiyo inaweza kuwepo hata kama pesa haijaja. Kwa hiyo riba uliyoiacha nje ya mapato inaweza kuulizwa. Kwa kiwango cha kodi ya makampuni cha asilimia 30, zile 732,000 za mkandarasi ni kodi ya 219,600, wakati mwishowe zilikuja 400,000 tu.

Njia ninayoitumia ni kutotoa noti ya debiti ya riba mpaka mteja akiri. Kwenye taarifa ya kila mwezi riba inaonekana chini ya jumla, ikiandikwa "riba inayoendelea kuhesabiwa, itathibitishwa wakati wa malipo". Noti ya debiti yenye namba ni tamko kwamba unadai kiasi hicho hasa, na ni vigumu kuitoa Novemba kisha kumwambia mkaguzi wa kodi kwamba hukuwa na hakika. Hilo halikumalizii swali la haki ya kimkataba. Kaa na mshauri wako wa kodi kabla ya ritani, ukiwa na daftari mkononi.

Kwa mfanyabiashara asiyekula riba

Pwani, Unguja na hata hapa Mwanza nina wateja ambao hawataki riba iguse faida yao kwa sababu ya dini, lakini wanahitaji kitu cha kumsukuma anayechelewesha makusudi. Utaratibu unaotumika kwenye fedha za Kiislamu ni mteja kuahidi ndani ya mkataba kwamba akichelewa atatoa kiasi fulani kwa ajili ya sadaka. Kiasi hicho hakiwi mapato, kiwe na uhakika au kisiwe nao. Kikipokelewa, debiti benki, krediti akaunti ya sadaka inayosubiri kutolewa, ambayo ni deni la biashara kwa wahitaji. Kikitolewa, akaunti hiyo inafungwa. Kosa la kawaida ni kuacha salio lake likae miaka, halafu mhasibu mpya akalihamishia kwenye mapato mengine akidhani ni mabaki yaliyosahauliwa.

Kitakachoulizwa na mkaguzi

Kwenye maelezo ya hesabu weka sera kwa sentensi moja au mbili. Mimi huandika hivi: "Riba inayotozwa wateja kwa kuchelewa kulipa huingizwa kwenye mapato pale ambapo kuna uhakika wa kuridhisha wa kuikusanya, kwa kuzingatia mwenendo wa mteja katika kulipa riba na uthibitisho wake wa maandishi. Riba isiyotimiza hayo huingizwa inapopokelewa."

Ukishaiandika, ujue mkaguzi atachukua sampuli pande zote mbili. Atataka ushahidi wa riba uliyoiingiza, na atauliza pia kuhusu uliyoiacha, kwa sababu daftari la pembeni ni mahali pazuri pa kufichia faida ya mwaka mzuri ili itolewe mwaka mbaya. Mteja ambaye amelipa riba mara tatu mfululizo na bado yuko pembeni ana maswali mengi kuliko mkandarasi wetu. Ndiyo maana ile safu ya maelezo haitakiwi kuandikwa siku ya ukaguzi. Andika siku ulipoongea na mteja, jina la aliyepokea simu, na alichosema, kwa maneno yake.